Mapigo ya moyo kutoka Samsung Health hadi kwenye lahajedwali: mwongozo kamili wa kusoma wastani wa wiki

Wengi wanaojaribu kazi hii hukwama mahali palepale. Faili linafunguka likiwa na safu nyingi zisizoeleweka, muda uliorekodiwa haufanani na ule wa kwenye simu, na hata wakifika kwenye grafu wanaona mstari unaopanda na kushuka kila siku bila kusema lolote. Mwongozo huu unafuata njia moja tu, kutoka Samsung Health ya simu ya Android hadi Google Sheets, na unakaa zaidi kwenye sehemu zinazokwamisha.

Kama unatumia Garmin, Fitbit au iPhone, namna ya kupakua ni tofauti. iPhone, kwa mfano, hutoa faili la `export.xml` ambalo lahajedwali haliwezi kulifungua moja kwa moja. Lakini ukishapata tarehe yenye muda na mapigo katika safu mbili, D na E za ukurasa wa `Data`, kuanzia hatua ya 4 kazi ni ileile.

## Unachohitaji

- Saa ya Galaxy Watch iliyovaliwa usiku kwa wiki 6 au zaidi. Chini ya hapo utapata wastani, ila hutapata cha kuulinganisha nao.
- Simu yenye Samsung Health.
- Kompyuta na akaunti ya Google. Simu peke yake inaweza, lakini kuburuta fomula kwenye kioo kidogo kunachosha na kunaleta makosa.
- Daftari au ukurasa wa kuandikia matukio: homa, safari, dawa mpya, mfungo, zamu za usiku.

Kabla ya yote, angalia mpangilio wa saa yenyewe. Fungua Samsung Health kwenye saa, ingia `Settings`, kisha `Heart rate`. Kama imechaguliwa `Manual only`, saa haikupimi ukiwa umelala na hakuna cha kupakua. Chagua `Measure continuously` au `Every 10 mins while still`, kisha usibadilishe tena, kwa sababu kubadilisha namna ya kupima katikati ya rekodi kunaweza kuzaa mwelekeo ambao haumo mwilini.

## Hatua ya 1: Pakua rekodi

Kwenye simu fungua Samsung Health, ingia `Settings`, shuka hadi `Download personal data`, thibitisha akaunti yako na usubiri. Mafaili huwekwa kwenye hifadhi ya simu, ndani ya `Download`, kisha `Samsung Health`, katika folda ambalo jina lake linaanza na `samsunghealth_`.

Ndani yake kuna mafaili mengi. Unalolitaka linaanza hivi:

```
com.samsung.shealth.tracker.heart_rate
```

na linaishia na `.csv`. Lihamishe hilo moja tu kwenda kwenye kompyuta, kwa waya au kupitia Google Drive. Usimtumie mtu folda zima, hata anayekusaidia. Lina rekodi za usingizi, uzito, mazoezi na mengine uliyowahi kuyaingiza.

Umefaulu ikiwa: ukubwa wa faili si sifuri, na ukilifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi unaona tarehe na namba zikishuka mstari kwa mstari.

## Hatua ya 2: Liingize bila kuiruhusu Sheets ibadilishe kitu

Fungua lahajedwali jipya la Google Sheets. Nenda `File`, `Settings`, na sehemu ya `Locale` chagua United Kingdom. Hii inahakikisha nukta inasomwa kama nukta ya desimali na kwamba fomula zilizo hapa chini, zenye mkato, zitakubalika.

Kisha `File`, `Import`, `Upload`. Kabla ya kubofya kitufe cha mwisho, ondoa alama ya tiki kwenye `Convert text to numbers, dates, and formulas`. Ukiiacha, Sheets itajaribu kukisia tarehe yenyewe, na baadhi ya mistari inaweza kugeuzwa kuwa tarehe huku mingine ikibaki maandishi. Fomula moja haitaweza kuisoma yote, na ni vigumu kuligundua hilo kwa macho.

Mstari wa kwanza wa faili si vichwa vya safu. Ni jina la faili na namba za toleo. Ufute, na vichwa halisi vitapanda juu.

Sasa futa safu zote isipokuwa hizi tatu, kisha ziburute zikae kwa mpangilio huu:

```
A: com.samsung.health.heart_rate.start_time
B: com.samsung.health.heart_rate.heart_rate
C: com.samsung.health.heart_rate.time_offset
```

Ukurasa huu upe jina `Data`.

Umefaulu ikiwa: safu A ina maandishi kama `2025-02-03 23:10:00.000`, B ina namba kama `58.0`, na C ina `UTC+0300` kwa aliye Afrika Mashariki.

## Hatua ya 3: Rekebisha muda

Hapa ndipo penye kosa linaloharibu kazi ya watu wengi kimyakimya. Muda ulioandikwa katika faili ni wa UTC, si wa Dar es Salaam wala Nairobi. Sisi tuko mbele kwa saa 3. Kipimo kilichoandikwa 23:10 kwako kilichukuliwa saa nane na dakika kumi usiku, tarehe inayofuata. Asiyejua hilo akichuja vipimo vya kati ya 01:00 na 05:00, anachopata kwa kweli ni vipimo vya saa kumi usiku hadi saa mbili asubuhi, wakati ameshaamka, ameoga na pengine yuko njiani kwenda kituo cha daladala.

Weka fomula hii katika D2, kisha iburute hadi mwisho:

```
=DATEVALUE(LEFT(A2,10))+TIMEVALUE(MID(A2,12,8))+VALUE(MID(C2,5,2))/24
```

Inachukua tarehe, inaongeza muda, kisha inaongeza saa zilizotajwa katika safu C. Kwa kuwa inasoma C ya kila mstari, aliyekwenda Muscat au Dubai, ambako ni `UTC+0400`, hatahitaji kurekebisha lolote. Aliye Amerika, ambako alama ni ya kutoa, abadilishe ile `+` iliyo kabla ya `VALUE` iwe `-`.

Chagua safu D, nenda `Format`, `Number`, `Date time`. Katika E2 geuza mapigo kuwa namba:

```
=VALUE(B2)
```

Umefaulu ikiwa: unachukua kipimo kimoja unachokikumbuka, tuseme kile ulichojipima mwenyewe kwa kubonyeza saa, na muda wake katika D unalingana na ule unaoonekana kwenye Samsung Health. Usivuke hatua hii kabla hayajalingana.

## Hatua ya 4: Bakiza vipimo vya usiku tu

Mapigo ya mchana yanafuata ulichofanya: ngazi, kahawa, ugomvi na bosi, jua la saa saba mchana. Wastani wa siku nzima unakuambia zaidi ratiba yako kuliko moyo wako. Usiku ukiwa umelala, mengi ya hayo yameondoka, na usiku wa leo unaweza kulinganishwa kwa haki na wa wiki iliyopita.

Ninapendekeza kipindi cha kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, ambacho kompyuta inakiita 01:00 hadi 05:00. Wengi huwa wamelala, na kipindi chote kinaangukia tarehe moja, hivyo huna haja ya kuunganisha kabla na baada ya saa sita usiku. Anayefanya kazi zamu za usiku achague saa zake za usingizi na azishikilie hizohizo.

Katika F2:

```
=IF(AND(HOUR(D2)>=1,HOUR(D2)<5,E2>=30,E2<=150),INT(D2),"")
```

Kama kipimo ni cha usiku, seli itaonyesha tarehe. Kama si cha usiku, itabaki tupu. Mipaka ya 30 na 150 inaondoa vipimo vya ajabu. Saa husoma mapigo kwa kuangaza mwanga kwenye ngozi, na mkanda ukilegea mwanga hupotea na namba zisizo na maana huingia. Mkanda ukae vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, umebana kiasi cha kutoteleza. Saa yenyewe ikikutahadharisha usiku kuhusu namba zilizo nje ya mipaka hii, usiishie kuzichuja, mwonyeshe daktari.

Umefaulu ikiwa: sehemu kubwa ya safu F ni tupu, na penye namba zote zinakuwa tarehe ukizipa muundo wa `Date`.

## Hatua ya 5: Namba moja kwa kila usiku

Fungua ukurasa mpya, uite `Usiku`. Katika A2 weka:

```
=SORT(UNIQUE(FILTER(Data!F2:F,Data!F2:F<>"")))
```

Fomula hii inajaza tarehe zote yenyewe. Usiiburute. Safu zinazofuata ndizo za kuburuta:

```
B2: =AVERAGEIF(Data!F:F,A2,Data!E:E)
C2: =COUNTIF(Data!F:F,A2)
D2: =A2-WEEKDAY(A2,2)+1
E2: =IF(C2>=2,B2,"")
```

B ni wastani wa usiku huo, C ni idadi ya vipimo vilivyopatikana, D ni Jumatatu ya wiki husika, na E ni wastani uleule lakini kwa usiku wenye vipimo vya kutosha pekee. Safu A na D zipe muundo wa tarehe.

Ile namba 2 katika E2 usiichukue kama ilivyo. Saa inayopima kila dakika 10 inatoa mistari mingi kwa usiku mmoja, ilhali upimaji wa mfululizo unaweza kukusanya muda mrefu katika mstari mmoja ukapata michache tu. Pitia safu C, uone idadi ya kawaida kwako, na uweke mpaka kwenye nusu yake. Usiku ambao saa iliisha chaji saa nane hautakiwi kuhesabiwa sawa na usiku kamili.

Kwa nini tunapitia namba moja kwa usiku badala ya kuchukua wastani wa vipimo vyote vya wiki kwa pamoja? Kwa sababu usiku wenye vipimo 24 ungeumeza usiku wenye vipimo 13, na wiki yako ingetawaliwa na siku ambazo saa ilifanya kazi vizuri zaidi.

Onyo: ukiburuta B hadi E kupita mstari wa mwisho wenye tarehe, Sheets itahesabu seli tupu kama tarehe ya mwaka 1899. Ukiona mwaka huo kwenye ukurasa wowote, rudi hapa ufute mistari iliyozidi.

## Hatua ya 6: Wastani wa wiki

Ukurasa wa tatu uite `Wiki`. A2 inajijaza yenyewe, B na C ziburute:

```
A2: =SORT(UNIQUE(FILTER(Usiku!D2:D,Usiku!D2:D<>"")))
B2: =COUNTIFS(Usiku!D:D,A2,Usiku!E:E,">0")
C2: =IF(B2>=4,AVERAGEIFS(Usiku!E:E,Usiku!D:D,A2),"")
```

Wiki yenye usiku chini ya 4 inaachwa tupu. Pengo kwenye grafu ni afadhali kuliko namba iliyojengwa juu ya Ijumaa na Jumamosi peke yake, siku ambazo wengi wetu hulala wakiwa wamechelewa na wameshiba. Na wiki inayoendelea, hata ikiwa imefikisha usiku 4, usiitolee hukumu mpaka iishe.

Chagua A na C, kisha `Insert`, `Chart`, aina `Line chart`. Mhimili wa wima uanze kidogo chini ya namba yako ndogo na uishie kidogo juu ya ile kubwa. Ukianzia sifuri, mabadiliko ya mapigo 3 yatalala chini yasionekane.

Umefaulu ikiwa: grafu ya wiki imetulia kuliko ile ya usiku kwa usiku. Kama bado inaruka mapigo 6 au 7 kila wiki, kuna kosa la muda katika hatua ya 3, au kipindi ulichochagua hulali.

## Hatua ya 7: Tofauti ipi ni ya kweli?

Tuchukue mfano. Hizi ni namba za safu E za mtu mmoja kwa wiki mbili:

Wiki ya kwanza: 58, 61, 57, 63, 59, 56, 60. Wastani ni 59.1.

Wiki ya pili: 57, 60, 64, 58, 56, 61, 57. Wastani ni 59.0.

Angekuwa anatazama siku kwa siku, Jumatano ya wiki ya pili angeona 64 na kuogopa, na Ijumaa angeona 56 na kufurahi. Wastani unasema wiki hizo mbili hazina tofauti.

Sasa pima namba zake huyumba kiasi gani kwa kawaida. Chagua kipindi ambacho maisha yalikuwa ya kawaida, kisha:

```
=STDEV(Usiku!E2:E15)
```

Kwa usiku hizo 14 jibu ni 2.5. Kuna kanuni rahisi ninayoipenda kwa wiki zenye usiku 7: tofauti kati ya wiki mbili ikiwa ndogo kuliko namba hiyo, ichukulie kuwa ni kuyumba kwa kawaida. Haikutoka hewani. Wastani wa siku 7 hupunguza kuyumba kwa kipeuo cha pili cha 7, yaani karibu mara 2.6. Kulinganisha wiki mbili hukuongeza kidogo, na ukidai tofauti iwe mara mbili ya kuyumba kulikobaki, hesabu inarudi karibu palepale ulipoanzia.

Lakini usiku wa leo unaathiriwa na wa jana, hivyo kanuni hiyo ina ulegevu kidogo. Ongeza sharti la pili: tofauti idumu wiki mbili mfululizo.

Mtu wetu akaendelea. Wiki ya tatu 59.6, ya nne 58.8. Wastani wa wiki hizo nne ni 59.1, nao ndio msingi wake. Kisha zikaja 60.4, 62.3, 62.6 na 62.1.

Wiki ya tano imezidi msingi kwa 1.3, kwa hiyo hatusemi kitu. Ya sita imezidi kwa 3.2, ya saba kwa 3.5. Masharti yote mawili yametimia: kuna mabadiliko ya kweli katika rekodi. Ila bado hatujajua ni mabadiliko ya nini.

## Hatua ya 8: Tafuta sababu kabla ya kuulaumu moyo

Anafungua ukurasa wa matukio. Alhamisi ya wiki ya tano Ramadhani ilianza. Tangu siku hiyo anaamka saa kumi usiku kula daku, na saa kumi imo ndani ya kipindi chake cha saa saba hadi saa kumi na moja. Sehemu ya vipimo anavyoviita vya usingizini ni vya mtu aliyekaa mezani.

Njia ya kuthibitisha ni kubana kipindi kiishie saa tisa usiku, kwa kubadilisha `HOUR(D2)<5` iwe `HOUR(D2)<3` katika safu F yote, na kupunguza kwa nusu mpaka wa idadi ya vipimo katika hatua ya 5. Msingi nao lazima uhesabiwe upya kwa kipindi hichohicho. Ukilinganisha msingi wa saa nne na Ramadhani ya saa mbili, utakuwa umelinganisha vitu viwili tofauti.

Baada ya kubana, msingi wake unakuwa 59.4, na wiki za sita, saba na nane zinakuwa 60.1, 60.4 na 59.9. Tofauti kubwa kabisa ni 1.0. Kupanda kulikoonekana kulitokana karibu kote na kuamka.

Sababu nyingine za kukagua kwa namna hiyo:

Saa mpya au sasisho la programu. Mstari ukiruka ghafla tarehe ileile uliyobadilisha kifaa, anza msingi mpya kuanzia hapo.

Mzunguko wa hedhi. Kwa wanawake wengi mapigo ya usiku hupanda kidogo baada ya yai kupevuka na kushuka hedhi inapokaribia au kuanza. Wiki huonekana kama wimbi. Linganisha wiki na ile ya wiki nne nyuma, si na ile iliyotangulia. Ujauzito nao hupandisha mapigo, na hupanda kwa miezi.

Mwinuko. Anayehama kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ambako ni karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, anaweza kuona mapigo yakipanda siku za kwanza kisha yakishuka mwili unapozoea.

Homa, pombe, chakula kizito usiku, joto la chumba na dawa. Dawa za jamii ya `beta blocker` hushusha mapigo, na kuziacha huyapandisha. Usiache dawa ili kujaribu grafu.

## Mahali wastani usipofika

Wastani unaficha mpangilio wa mapigo. Moyo unaodunda bila utaratibu, wakati mwingine haraka na wakati mwingine polepole, unaweza kutoa wastani wa 62 unaopendeza. Kwa hiyo grafu iliyotulia haithibitishi kwamba moyo hauna tatizo.

Maumivu ya kifua, kuzimia, kushindwa kupumua, au moyo kwenda mbio ukiwa umetulia, hayo hayasubiri wiki iishe. Nenda hospitali mara moja. Kama mwelekeo umepanda kwa wiki kadhaa, umeshakagua muda, saa na matukio, na hujapata maelezo, chapisha ukurasa wa `Wiki` pamoja na matukio yako upeleke kwa daktari. Ukurasa mmoja wenye tarehe na namba utamsaidia kuliko picha nyingi za kioo cha simu.

## Kuongeza data mpya

Upakuaji wa mwezi ujao utakuja na rekodi zako tangu mwanzo, si za mwezi huo tu. Kwa hiyo usibandike data mpya chini ya ya zamani, kwani utahesabu usiku uleule mara mbili. Ingiza faili jipya kwenye ukurasa wa pembeni kwa utaratibu wa hatua ya 2, nakili safu zake tatu, uzibandike juu ya A hadi C za `Data`, kisha uburute D, E na F hadi mwisho mpya. Fanya vivyo hivyo kwa safu za kuburuta kwenye `Usiku` na `Wiki`. Matukio yakae kwenye ukurasa wake, kila moja na tarehe yake, ili yasihame mistari ikiongezeka.